Soko la Simu: Ushahidi wa Malipo Hautoki kwa Mnunuzi



Uhamisho ni jambo ambalo mtumishi hulipokea kwa barua ya ukurasa mmoja, lakini uzito wake hupimwa kwa makabati, vitanda na makochi. Gharama ya kusafirisha seti ya makochi kutoka mkoa mmoja hadi mwingine aghalabu hukaribia thamani ya makochi yenyewe. Ndiyo sababu mtumishi aliyepewa barua hiyo huamua kuuza vyombo vyake pale pale alipo, ili akanunue vingine aendako. Zamani aliwauzia majirani na wafanyakazi wenzake. Siku hizi huvipiga picha, akaviweka katika soko la simu, na jioni ile ile huanza kupigiwa na watu asiowajua.

Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza jinsi biashara hiyo ya mtu na mtu, katika mji mmoja, inavyoweza kufanyika pasipo muuzaji kupoteza mali yake wala usalama wake. Hapana budi kuanza na kuelewa soko lenyewe ni kitu gani.

Programu zinazotumika zaidi kwa kazi hii nchini Tanzania ni Jiji na Facebook Marketplace, pamoja na makundi ya WhatsApp ya mtaa au ya kazini. Hizi zote ni mbao za matangazo. Humkutanisha mwenye kochi na mtafuta kochi, kisha huwaachia wao wenyewe kuafikiana bei, kuonana na kulipana. Fedha za mauzo hazipiti mikononi mwa mwenye ubao. Hali ni tofauti katika baadhi ya masoko ya Ulaya. Vinted, iliyoanzishwa nchini Lithuania mwaka 2008 kwa ajili ya nguo zilizovaliwa, hupokea fedha za mnunuzi na kuzizuia mpaka mzigo ufike kwa posta naye apate nafasi ya kuukagua, ndipo muuzaji hulipwa. Pale yupo mtu wa tatu aliyeshika amana. Katika mauzo ya makochi mjini Morogoro au Mwanza mtu huyo hayupo. Maadamu hayupo, muuzaji na mnunuzi hubaki wakitazamana, na kila mmoja anaogopa kutangulia kutoa kilicho chake.

Hapo ndipo walaghai walipopata nafasi. Hila zao zina majina mengi, lakini ukizichunguza karibu zote utaona zina shina moja: muuzaji hushawishiwa akubali kuwa amelipwa kwa ushahidi ulioletwa na yule yule anayedaiwa kulipa.

Na achukuliwe, kwa mfano, mwalimu wa shule ya msingi mjini Morogoro aliyehamishiwa Songea. Ana seti ya makochi ya watu saba, kabati la nguo la milango mitatu, na nguo za watoto zilizokwisha kuwabana wenyewe. Amebakiwa na wiki mbili kabla ya kuripoti. Fedha za makochi ndizo alizokusudia kulipia kodi ya nyumba huko aendako, kwa hiyo kuzipoteza si hasara ndogo kwake.

Mwalimu huyu aanze na tangazo. Makochi ayapige picha mchana, dirisha likiwa wazi, kwa kuwa picha ya usiku huficha kasoro na kumfanya mnunuzi mwema ashuku, hali mlaghai hajali picha ikoje. Apige picha ya mbele, ya nyuma, na ya pale kitambaa kilipochanika. Apime urefu kwa futi na kuuandika, kwani mnunuzi wengi hukwama mlangoni kwa kutokujua kama kochi litapita. Kasoro iliyotajwa katika tangazo hupunguza ubishi siku ya kuonana, na mtu akishakubali kasoro kabla ya kuja, hana tena sababu ya kuitumia kushusha bei akiwa amesimama sebuleni.

Kabla ya kupiga picha hizo, aondoe ukutani na mezani kila kisichouzwa. Televisheni, cheti chenye jina kamili, picha za watoto wakiwa na sare za shule: vyote hivyo humweleza mtu asiyejulikana nyumba ina nini na nani anakaa humo. Mahali aandike kata tu, wala si nyumba. Na yafaa asiandike kuwa anahama. Maneno "nauza haraka, nahama" humwambia mnunuzi asubiri bei ishuke, na humwambia mwizi kwamba nyumba itakuwa tupu karibuni.

Nguo zinahitaji neno lake. Nguo za watoto moja moja hazimlipi muuzaji nauli ya kuzipeleka. Huuzika vizuri zikifungwa kwa umri: kwa mfano nguo kumi za mtoto wa miaka miwili hadi mitatu, zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimetandazwa kitandani na kupigwa picha moja. Nguo za ndani zisiwemo kabisa. Shirika la Viwango Tanzania limekwisha kupiga marufuku biashara ya nguo za ndani zilizovaliwa, kwa sababu za afya. Kwa upande wa makochi na vitanda, mnunuzi mwenye busara atauliza habari ya kunguni. Asichukuliwe kuwa ametukana. Muuzaji amfungulie mito, ampe tochi, amwache atazame katika mishono na pembe za mbao, ambako kunguni huacha madoa meusi madogo na maganda yao. Mnunuzi anayekagua hivyo ni dalili njema, kwani amekuja kununua kochi kweli.

Basi tangazo limetoka, na bei iliyoandikwa ni shilingi 450,000. Moyoni mwalimu ameweka kwamba hatashuka chini ya 400,000. Simu zinaanza.

Wa kwanza anauliza, "Bado yapo? Bei ya mwisho?" Huyu ni mtu wa kawaida, ingawa wengi wa aina hii hawarudi tena. Wa pili anaandika kwamba ameyapenda sana, lakini anataka kuhakikisha kuwa mwalimu si tapeli. Kwa hiyo amemtumia namba ya tarakimu sita, naye amsomee. Ni kweli namba hiyo inaingia katika simu ya mwalimu. Lakini si uthibitisho wa uaminifu hata kidogo. Ni namba ambayo WhatsApp humtumia mwenye akaunti pale mtu anapojaribu kuifungua akaunti hiyo katika simu nyingine. Akiisoma, akaunti yake inahamia kwa mlaghai, na kabla ya jua kuchwa ndugu na walimu wenzake wataombwa mikopo kwa jina lake. Namba ya aina hiyo haina kazi yoyote katika mauzo ya kochi. Anayeiomba akatwe hapo hapo.

Wa tatu ndiye wa hatari zaidi, kwa sababu ni mpole na mwenye adabu. Anasema yuko kazini Dodoma, makochi ni ya mama yake anayekaa Morogoro. Haombi kuyaona. Anapunguziwa kidogo tu, wanaafikiana shilingi 420,000. Atalipa kwa simu, na atamtuma dereva wa kirikuu aje kuyachukua saa kumi na moja jioni.

Hapo muuzaji atambue mambo matatu yaliyokutana: mtu hakutaka kukagua mali, hatakuwepo mwenyewe wakati wa makabidhiano, na muda uliochaguliwa ni wa haraka na wa giza kukaribia. Kila moja peke yake laweza kuwa la kweli, kwani watoto wengi huwanunulia wazazi vyombo kwa mbali. Yakikutana yote matatu, mnunuzi haitwi mwizi, lakini makochi yasipakiwe mpaka fedha zionekane.

Saa kumi na moja kirikuu inafika. Dereva ni kijana mwenye heshima. "Shikamoo mwalimu, nimetumwa makochi," anasema, na inawezekana kabisa kuwa hajui lolote zaidi ya kukodishwa. Simu ya mwalimu inaita. "Mwalimu, fedha nimekwisha kutuma, tazama ujumbe. Naomba kijana apakie, maana anadaiwa gari." Ujumbe kweli umeingia. Unasema amepokea shilingi 420,000, una namba ya muamala, una jina, na mwishoni unataja salio jipya kuwa shilingi 421,350.

Ujumbe huo huweza kupimwa kwa njia tatu, kuanzia iliyo nyepesi hadi iliyo ya hakika.

Ya kwanza ni kutazama umetoka wapi. Ujumbe wa kweli wa kampuni huingia kwa jina la huduma, kwa mfano M-PESA, na hujipanga chini ya jumbe zote za zamani za huduma hiyo. Ujumbe wa bandia aghalabu hutoka katika namba ya kawaida ya simu, hata kama maneno yake yamenakiliwa neno kwa neno. Lakini wapo wenye ujuzi wa kuigiza hata jina la mtumaji, kwa hiyo kipimo hiki kikishindwa kumkamata mlaghai, kisichukuliwe kuwa kimemtakasa.

Ya pili ni hesabu ya darasa la tatu. Asubuhi ile mwalimu alikuwa na shilingi 12,400 katika akaunti yake. Akipokea 420,000, salio jipya halina budi kuwa 432,400. Ujumbe unasema 421,350. Mlaghai anaweza kunakili kila kitu katika ujumbe wa kampuni isipokuwa kitu kimoja, nacho ni salio la mtu mwingine, kwa sababu halijui. Hukisia, au huliacha. Mwenye kuuza chombo na alijue salio lake kabla mnunuzi hajafika.

Ya tatu ndiyo ya hakika, na ndiyo isiyoweza kurukwa hata kama mbili za kwanza zimeonyesha usalama. Muuzaji aache ujumbe kando, afungue akaunti yake mwenyewe na kutazama salio. Mwenye M-Pesa hupiga *150*00#, mwenye Airtel Money *150*60#, na mwenye Mixx by Yas, iliyokuwa ikiitwa Tigo Pesa hadi mwaka 2024, *150*01#. Huchagua kutazama salio, na kuingiza namba yake ya siri akiwa amegeuka pembeni. Afanye hivyo kwa simu yake na kwa kidole chake. Asimpe mtu simu amsaidie, asipige namba iliyoandikwa ndani ya ujumbe, na asikubali kuonyeshwa picha ya muamala katika simu ya mnunuzi, kwani picha hutengenezwa kwa dakika chache.

Salio la mwalimu linasoma shilingi 12,400.

Mnunuzi wa simu atasema mtandao unasumbua, fedha ziko njiani. Mara nyingine huwa kweli, mtandao huchelewa. Jibu ni moja katika hali zote mbili: "Basi ndugu yangu, tusubiri ziingie, ndipo tupakie." Jibu hilo halimtukani mkweli, na mkweli hulielewa. Mlaghai hukasirika, hutishia polisi, hudai kuwa dereva anapata hasara. Wakati mwingine hubadili wimbo na kusema kuwa kwa bahati mbaya ametuma 520,000 badala ya 420,000, na kwamba amrudishie laki moja ile, ukiingia ujumbe mwingine kuthibitisha. Anayerudisha hurudisha fedha zake mwenyewe, kwani hakuna kilichoingia. Kanuni ya salio hujibu hila hiyo pia: kisichoonekana hakiwezi kurudishwa. Na hata kama fedha za ziada zimeonekana kweli, zirudishwe kwa kupitia huduma kwa wateja wa kampuni ya simu, zisitumwe kwenye namba mpya inayotajwa na mpigaji.

Mwalimu anamwambia dereva aende zake. Ameandika namba ya gari kabla ya yote, jambo ambalo lafaa kufanywa kwa kila gari linalokuja kubeba mali, awe anamwamini mwenyewe au hamwamini. Ujumbe wa bandia haufuti, kwani ni ushahidi. Namba iliyoutuma anaipeleka 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa ajili ya kupokea taarifa za utapeli wa simu. Kama makochi yangekuwa yamekwisha kuondoka, angehitaji kwenda kituo cha polisi siku hiyo hiyo akiwa na ujumbe ule, mazungumzo yote na namba ya gari. Kosa hilo huweza kushtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Lakini ukweli hauna budi kusemwa: laini ya mlaghai mara nyingi imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, na makochi yaliyokwisha kupakuliwa mahali pasipojulikana ni shida kuyapata. Ndiyo maana ulinzi wote umo katika dakika zile tano kabla ya kupakia.

Siku mbili baadaye anapiga simu karani mmoja wa halmashauri, mwajiriwa mpya, anayetaka kuja kuyaona. Hapa linazuka suala la pili, la mahali pa kuonana. Nguo na vyombo vidogo havina haja ya kuuziwa nyumbani. Hupelekwa mahali penye watu, mbele ya benki au karibu na kituo cha polisi. Katika baadhi ya miji ya Marekani vituo vya polisi vimetenga hata sehemu maalumu ya kuegesha magari kwa ajili ya watu wanaouziana vitu hivi. Shule isitumiwe, maana haipendezi watu wasiojulikana kuzoea kuingia walipo wanafunzi. Lakini seti ya makochi haichukuliwi begani kupelekwa benki. Kwa mauzo ya namna hiyo muuzaji ayatoe makochi mpaka barazani, aite jirani mmoja akae naye, na aweke miadi ya mchana, saa nne au saa tano. Mgeni akaribishwe barazani, apewe maji, akague. Hana sababu ya kuingia vyumbani.

Karani amekuja na kaka yake. Amefungua mito, amebonyeza mbao, ameona chaniko lililotajwa katika tangazo. Anaomba apunguziwe, wanaafikiana shilingi 400,000. Wanakubaliana pia jambo dogo linalogombanisha wengi: gharama ya kutolea fedha ni ya nani. Mwalimu anasema ni yake. Karani anatuma akiwa pale pale barazani. Ujumbe unaingia chini ya jumbe za siku zote. Mwalimu hausomi sana. Anapiga namba yake, anatazama salio, anaona 412,400. Ndipo anasema, "Haya, karibu upakie."

Kama karani angelipa kwa noti, wangefuatana mchana ule hadi kwa wakala wa jirani. Wakala amezoea kuzikagua noti, na fedha zingeingia katika akaunti ya mwalimu kabla makochi hayajasogezwa. Si busara kulala na laki nne ndani ya nyumba ambayo mgeni ametoka kuijua mchana.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kuagana wanaandikiana hati ya mauziano, nakala mbili za mkono: majina yao, namba za vitambulisho, maelezo ya makochi na kasoro yake, bei, namba ya muamala, tarehe, na saini ya jirani aliyeshuhudia. Hati hiyo humlinda kila mmoja. Humlinda muuzaji, kwa sababu kampuni za simu zina utaratibu wa kurudisha fedha zilizotumwa kwa makosa, na mnunuzi asiye mwema aweza kuutumia kwa kudai kuwa alikosea namba. Kampuni ikiuliza, muuzaji ana jibu la maandishi. Humlinda mnunuzi, kwa sababu kupokea mali ya wizi ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, na aliyenunua kwa mtu wa mtandaoni hana budi kuweza kuonyesha alinunua kwa nani. Mwenye mali halali hakatai kuandika jina lake. Anayekataa, mnunuzi naye amwache na kochi lake.

Jioni ile mwalimu anaondoa tangazo, ili simu zisiendelee kuita na wageni wasiendelee kuuliza anakaa wapi. Limebaki kabati la milango mitatu. Kesho atalipiga picha akiwa amelifungua milango yote, likiwa tupu, na kabla mnunuzi wake hajafika atatazama kwanza salio lake na kuliandika katika kipande cha karatasi.